Sura kwa sura, au kuanzia kwenye mgeuko? Njia mbili za kumfupisha Fumo Liyongo hadi sentensi moja

Mwandishi aliyemaliza riwaya ya kurasa 300 huombwa vitu viwili ambavyo bado hajaviandika: muhtasari wa ukurasa mmoja, na sentensi moja ya kuinadi kazi yake. Mchapishaji anautaka muhtasari ili ajue hadithi inakwenda wapi na inaishaje kabla hajampa mhariri muswada mzima. Mtayarishaji wa filamu huanza na ile sentensi. Isipomshika, muhtasari wenyewe haufunguliwi.

Kufika huko kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya sura kwa sura: unaandika sentensi moja kwa kila sura, unaziunganisha, halafu unapunguza mpaka zitoshe. Ya pili huanza pale hadithi inapogeuka. Unalitafuta tukio hilo kwanza, unaliandika kwa ukamilifu, kisha unarudi nyuma kuchukua yale tu yanayolifanya lieleweke, na unakwenda mbele kuchukua yale tu yaliyozaliwa nalo. Njia zote mbili zina kazi yake, lakini zinatoa maandishi tofauti kabisa kutoka kwenye kisa kilekile.

Nitazilinganisha kwa kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyosimuliwa katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Ni kirefu, beti zake zinapita 200, kina vituko vingi vinavyopendwa, na wengi wetu tumekisikia kabla ya kukisoma. Kwa hiyo msomaji ataona mwenyewe ni nini kimeachwa na ni nini kimebaki. Tuchukulie kwamba mtu ameandika filamu juu yake na sasa anatakiwa kuipeleka kwa mtayarishaji.

Muhtasari wa sura kwa sura

Hivi ndivyo unavyotoka ukikata kila tukio kwa kiasi kilekile:

"Fumo Liyongo ni shujaa na malenga wa Shaka mwenye nguvu zisizo za kawaida. Sultani wa Pate anamwogopa na kumwonea wivu. Kwanza anawatuma watu wakale naye kikoa cha makoma ili wamlenge mishale akiwa juu ya mti wa mkoma, lakini Liyongo anayaangusha makoma kwa mishale yake na hila inashindikana. Kisha anafungwa gerezani. Mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa kupitia kijakazi Saada. Anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na wakati wa kelele anakata pingu na kutoroka. Sultani anamwita mwana wa Liyongo na kumwahidi binti yake. Kijana anagundua kuwa baba yake huuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, anamchoma, na Liyongo anakwenda kupiga goti kisimani akiwa na upinde. Watu wanaogopa kuteka maji mpaka mama yake anapomsihi. Liyongo anaanguka, kumbe amekwisha kufa. Sultani anavunja ahadi na kijana naye anakufa."

Hakuna kosa la ukweli humo. Kila kitu kipo, kwa mpangilio wake. Lakini hesabu maneno. Gereza na kutoroka vimepewa maneno 28. Namna kijana alivyoipata siri ya kifo cha baba yake imepewa maneno 11, na neno linalobeba mzigo wote pale ni "anagundua". Aligunduaje? Alichungulia? Alimlevya? Aliambiwa na jirani? Katika utenzi alimuuliza baba yake ana kwa ana, na baba akamjibu. Muhtasari umelipita jambo hilo bila kuliona, kwa sababu katika simulizi lenyewe ni mazungumzo tu, hayana kishindo. Gereza lina mkate, tupa, ngoma na pingu. Linapigania nafasi lenyewe.

Hili halitokani na uzembe. Tumefundishwa hivyo. Anayejiandaa kwa karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE huzoezwa kufupisha kifungu kwa idadi ya maneno aliyopewa, na hupata alama kwa kila hoja aliyoitaja. Darasani Tanzania wengi tumeambiwa turudishe habari hadi theluthi moja. Kwa makala ya kilimo au hotuba hilo ni sawa, maana hoja zake zina uzito unaokaribiana. Hadithi haina hoja zinazokaribiana uzito. Ina matukio mengi yanayopanga njia na moja linaloibadilisha, na ukikata yote kwa kisu kimoja, lile moja ndilo linaloumia zaidi.

Kuna alama nyingine ya kutambua kuwa muhtasari umepoteza mgeuko, nayo ni viunganishi. Usome ule wa juu tena. Sentensi zake zinaungana kwa "kwanza" na "kisha", na pale ambapo kiunganishi hakipo unaweza kutia "halafu" na maana isibadilike. Ukijaribu kutia "kwa hiyo" kabla ya "Sultani anamwita mwana wa Liyongo", haikai vizuri, kwa sababu hakuna kilichosemwa kuonyesha kwa nini sultani ameacha mishale na kugeukia mtoto. Sababu ipo kwenye kisa, imeanguka njiani.

Kwanza, mgeuko ni upi?

Njia ya pili haiwezi kuanza kabla ya swali hili kujibiwa, na hapa ndipo inapodai kazi zaidi. Kisa cha Liyongo kina matukio matatu yanayoweza kudai nafasi hiyo: kutoroka gerezani wakati wa gungu, siri ya sindano, na goti la kisimani.

Jaribio ninalolitumia ni kuliondoa tukio na kuangalia nini hakiwezi kutokea tena. Ondoa kikoa cha makoma: tunapoteza onyesho zuri la akili ya Liyongo, lakini kisa kinaendelea bila kuyumba. Ondoa gereza: shujaa anabaki huru, sultani bado anamtaka, mwana bado anaweza kuitwa. Ondoa mazungumzo ya baba na mwana, na hakuna kifo, hakuna kisima, hakuna mama anayesihi. Kila kitu cha baadaye kinategemea hapo.

Goti la kisimani linawadanganya wengi, kwa sababu ndiyo picha inayobaki kichwani. Maiti imeshika upinde, mji mzima hauthubutu kuteka maji. Hata hivyo hicho ni kilele cha kisa, si mgeuko wake. Tunapofika kisimani kila kitu kimeshaamuliwa, tunashuhudia matokeo. Kwenye mgeuko mtu bado ana njia mbili mbele yake, anachagua moja, na ile nyingine inafungwa.

Ndiyo maana hata kuchomwa sindano si mgeuko kamili. Mwana tayari amekubali kazi na ana silaha mkononi. Mlango ulifungwa kabla ya hapo, wakati Liyongo, akijua kwamba mwanawe amehadaiwa, alipoamua kusema. Hadi dakika hiyo hatari yote ilitoka nje ya nyumba na ilishindwa kwa nguvu au kwa akili. Kuanzia dakika hiyo hatari iko ndani ya nyumba, na nguvu hazina la kufanya. Hicho ndicho muhtasari unachopaswa kukilinda kuliko mkate wa wishwa, ingawa mkate huo naupenda na najua wengi wataona uchungu kuuacha.

Muhtasari unaoanzia kwenye mgeuko

Tukianza na mazungumzo yale, tukarudi nyuma kutafuta yanayoyafanya yaeleweke, tunahitaji mambo mawili tu: kwamba sultani anataka Liyongo afe, na kwamba mabavu yameshindwa. Makoma na gereza vinakuwa ushahidi wa jambo la pili, kwa hiyo kila kimoja kinatosha kwa maneno machache. Saada anaondoka. Mama anabaki, si kwa ajili ya tupa, bali kwa sababu bila yeye mwili hauanguki.

"Sultani wa Pate anaona kiti chake hakina usalama maadamu Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa Shaka, yu hai. Anamtegea mishale, inashindikana. Anamfunga, naye anakata pingu na kutoroka. Nguvu zimekwisha kushindwa, kwa hiyo sultani anamwita mwana wa Liyongo na kumwahidi binti yake akileta siri ya kifo cha baba. Kijana anarudi nyumbani na kumuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anatambua swali limetoka wapi na kwamba mwanawe anahadaiwa. Angeweza kunyamaza. Anamjibu ukweli: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anamchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anapiga goti kando ya kisima na kufa hivyo hivyo. Watu wanashindwa kuteka maji kwa kumwogopa, mpaka mama yake anapokwenda kumsihi na mwili unaanguka. Sultani anamnyima kijana alichomwahidi, na kijana naye anakufa."

Urefu ni karibu uleule, maneno kama 120. Kilichobadilika ni mgawo. Gereza limeshuka kutoka maneno 28 hadi sita. Swali la mwana na jibu la baba vimepanda kutoka 11 hadi 29, yaani robo nzima ya muhtasari kwa jambo ambalo kwenye skrini huenda likachukua dakika tatu. Na "kwa hiyo" imepata mahali pa kukaa.

Sentensi ya "Angeweza kunyamaza" haipo kwenye simulizi kama tukio; hakuna mtu aliyefanya kitu. Nimeiweka kwa makusudi. Mgeuko huonekana pale tu msomaji anapoona njia ambayo haikufuatwa, na muhtasari usiposema njia hiyo, jibu la Liyongo linasomeka kama taarifa ya kawaida. Maneno mawili yanatosha.

Njia hii ina hatari zake. Kwa kuwa mgeuko wa Liyongo uko mbali, baada ya zaidi ya nusu ya kisa, mtayarishaji akisoma muhtasari huu anaweza kudhani filamu inaanza na mwana kuitwa Pate. Mwandishi mwenye saa nzima ya makoma, gereza na gungu kabla ya hapo inambidi aseme wazi, hata kwa kifungu kimoja, kwamba hayo yanachukua nusu ya kwanza. Pia njia hii inakudai uwe na hakika. Ukichagua mgeuko usio wenyewe, muhtasari wote unaegemea upande, na utakuwa umeeleza vizuri hadithi ambayo hukuiandika. Sura kwa sura angalau haipotoshi, inachosha tu.

Kutoka muhtasari hadi sentensi moja

Hapa tofauti ya njia hizi mbili inakuwa kubwa zaidi. Ukiendelea kuukata ule muhtasari wa kwanza, vituko vinatoka kimoja kimoja mpaka unabaki na kitu kama hiki:

"Shujaa mwenye nguvu za ajabu anapambana na sultani mwenye wivu anayetaka kumuua."

Badilisha sultani uweke jini, mfalme au mkoloni, na sentensi inasimama vilevile. Hakuna Liyongo humo. Wengine huona upungufu huo na kujaribu kuutibu kwa swali mwishoni, "Je, atasalimika?", lakini swali hilo linaweza kuulizwa juu ya kila shujaa aliyewahi kusimuliwa.

Kutoka kwenye muhtasari wa pili huendi kwa kukata. Unaandika sentensi tatu: moja ya hali ilivyokuwa kabla ya mgeuko, moja ya mgeuko, moja ya kilichofuata.

Shujaa wa Shaka ameshinda kila mtego wa sultani. Mwanawe anamuuliza kinachoweza kumuua, naye, akijua swali limetumwa, anamjibu. Anauawa na mwanawe, na mwana halipwi alichoahidiwa.

Sasa unganisha mbili za kwanza, uache ya tatu, na ukate jibu kwenye ya pili:

"Shujaa aliyeshinda mishale na pingu za sultani anaulizwa na mwanawe mwenyewe ni kitu gani kinaweza kumuua, naye anajua fika ni nani aliyelituma swali hilo."

Mgeuko upo mzima, umesimamishwa hatua moja kabla ya uamuzi. Msomaji anajua kuna njia mbili na hajui ipi itafuatwa. Hii ndiyo tofauti kubwa ya kazi hizi mbili: muhtasari hausitiri kitu, kwa maana mchapishaji anataka kupima kama hadithi inafunga vizuri, lakini sentensi ya kunadi huonyesha swali na kuficha jibu. Waandishi wengi huzipindua. Wanamaliza muhtasari kwa nukta nukta ili "wasiharibu utamu", halafu kwenye sentensi moja wanamwaga mwisho wote.

Angalia pia kilichotolewa. Majina hayapo, kwa sababu jina ambalo msikilizaji halijui ni neno lililopotea, na "shujaa", "mwanawe", "sultani" vinaonyesha uhusiano papo hapo. Kwa kisa hiki kuna ubaguzi mmoja: ukimpelekea mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja, jina la Liyongo peke yake linafanya kazi ya nusu sentensi, na ni vizuri liingie. Ukimpelekea mtu wa Johanesbagi, liache. Sindano ya shaba nayo nimeiacha nje, ingawa ni kitu cha kipekee, kwa sababu ndiyo jibu.

Kuna sentensi nyingine inayotoka kwenye mgeuko uleule, ukiamua filamu ni ya kijana:

"Kijana aliyeahidiwa binti wa sultani inabidi amuulize baba yake, shujaa asiyeuawa kwa silaha, siri ya kifo chake."

Ni fupi zaidi na ni rahisi kuiuza, kwa sababu anayetenda ndiye anayetaka kitu. Lakini inamfanya Liyongo kuwa kizuizi tu, na kujua kwake kunapotea. Kati ya hizi mbili ningechagua ya kwanza kwa kisa kama kilivyo kwenye utenzi. Ya pili ningeichagua endapo mwandishi kweli amemfuata kijana kuanzia mwanzo, amempa mashaka yake na usiku wake wa kusitasita. Sentensi isiahidi mhusika mkuu ambaye muswada hauna.

Lini utumie ipi

Kwa kumpelekea mchapishaji riwaya yenye mgogoro mmoja mkuu, kwa filamu, kwa tamthilia, na kwa shindano lolote linalodai muhtasari mfupi, ningeanzia kwenye mgeuko bila kusita.

Sura kwa sura ina mahali pake. Hadithi za mtindo wa Abunuwasi, ambapo kila kisa kinasimama peke yake, hazina mgeuko mmoja. Ukiulazimisha utatia uongo. Vivyo hivyo kitabu cha safari, au masimulizi ya maisha yaliyopangwa kwa miaka. Mtayarishaji aliyekwisha kukubali wazo naye atahitaji orodha kamili ya matukio ili ahesabu mahali pa kupigia picha, idadi ya waigizaji na gharama ya ngoma ya gungu, na hapo mkate wa wishwa na Saada wanarudi kwa haki yao.

Ina faida nyingine kwa mwandishi asiyejua bado mgeuko wake uko wapi, na wapo wengi, hasa waliouandika muswada kwa miaka. Andika sentensi moja kwa kila sura, kwa ajili yako tu. Muswada wa sura 30 utakupa karatasi moja au mbili. Kati ya kila sentensi na inayofuata jaribu kutia "kwa hiyo" au "lakini", na tia alama kila mahali ambapo "halafu" ndiyo pekee inayokubali. Sura zilizozungukwa na "halafu" ndizo utakazozibana. Halafu tafuta sura ambayo, ukiifunika kwa kidole, zote zinazofuata zinakosa sababu. Ukiipata, weka karatasi hiyo kando na uanze muhtasari upya kutoka hapo. Ukijaribu kuihariri karatasi ileile, mizani ya zamani inabaki, na gereza litaendelea kukalia nafasi ya baba na mwana.

Ukiwa na hadithi yenye migeuko miwili inayolingana uzito, muhtasari ubebe yote miwili na sentensi ibebe ule wa kwanza. Wa pili kwa kawaida hauelezeki bila wa kwanza, na sentensi inayojaribu kubeba yote miwili huvunjika katikati.

Mwisho, msomee mtu ile sentensi mara moja tu, mtu asiyekijua kisa, usimweleze kitu, na usikilize anachouliza. Akiuliza "Alimjibu?", mgeuko umefika. Akiuliza "Sultani wa wapi huyo?" au "Pingu zipi?", umeacha kitu cha mwanzo kinachomzuia kufika huko, na kipengele cha kufanyia kazi ni kile alichokitaja. Na akisema "Vizuri sana" bila kuuliza lolote, rudi kwenye zile sentensi tatu, kwa sababu yaelekea jibu limebaki ndani.